Niongezee Mda, Dokta

Barua pepe iliingia saa sita kasoro dakika nane usiku. Mfumo wa kupokea kazi za wanafunzi hufungwa saa 23:59, kwa hiyo mwandishi alikuwa amejipa dakika saba za kuandika, kupata huruma yangu na kujibiwa. Sehemu ya mada ilikuwa tupu. Jina la akaunti lilikuwa "Mtu Mbaya". Nainakili hapa kama ilivyokuja, maana nikiisimulia tu mtasema nimetia chumvi:

"Mambo Dokta. Poleni na majukumu. Nakuandikia kuhusu swala la kazi ambayo uliyotupa. Sijamaliza kwasababu nilikua naumwa toka wiki iliyopita, na laptopu yangu amezima. Niongezee mda mpaka kesho saa 12. Nimekuambatanisha na cheti cha hospitali. Nijibu haraka maana mfumo unafungwa saa sita. Asante kwa kunikubalia."

Basi. Hakuna jina, hakuna namba ya usajili, hakuna hata dokezo la somo. Nafundisha madarasa matatu, na moja lina wanafunzi wanaokaa mpaka madirishani. Huyu Mtu Mbaya ni yupi kati yao, na kazi gani hiyo "niliyowapa", Mungu ndiye ajuaye.

Ningeweza kuifuta nikalala. Mwenzangu wa ofisi ya jirani angefanya hivyo. Yeye hujibu barua za aina hii kwa neno moja, "Hapana", na usingizi wake ni mzito hadi leo. Lakini mimi nafundisha Kiswahili. Mtu akiniandikia "mda" mkono wenyewe unatafuta kalamu nyekundu.

Nikaanza na "Mambo". Salamu hii haina ubaya wowote kijiweni, lakini jibu lake ni "poa", na mtu wa umri wangu akimwambia mwanafunzi "poa" saa sita usiku, kesho atasikia habari zake kwenye kantini. "Shikamoo Daktari" ingetosha. Tena iandikwe na maombi yafuate hapo hapo, kwa sababu wapo wengine wanaotuma "Shikamoo" peke yake kisha wanakaa kusubiri marahaba kana kwamba tumekutana njiani. Nikiitikia asubuhi, wanajibu mchana: "Upo, Dokta?" Kufika jioni tunakuwa tumejuliana hali vizuri, na shida yenyewe bado haijatajwa. "Poleni na majukumu" niliiacha ipite. Ni maneno ya heshima, ingawa saa ile jukumu lililokuwa likinikesheza lilikuwa yeye.

"Swala" nilizungushia duara. Swala ni mnyama wa mbugani, na ni ibada pia. Jambo la kujadiliwa ni suala. Kosa hili nimelisahihisha mpaka kwenye matangazo ya ofisini, kwa hiyo sikumlaumu sana kijana.

"Kazi ambayo uliyotupa" ndiyo iliyonikera, kwa sababu urejeshi tuliufundisha darasani, tukaufanyia mazoezi, na wakaupita kwenye mtihani. Ukitumia "amba-", tayari umeshabeba "-yo" ndani yake: kazi ambayo ulitupa. Ukitaka kuibeba ndani ya kitenzi, unaachana na "amba-": kazi uliyotupa. Kijana alizibeba zote mbili.

Halafu "nilikua naumwa". Kukua ni kuongezeka kimo na umri. Alichotuambia hapa ni kwamba alikua, na katika kukua huko anaumwa. "Nilikuwa" ina "w", na herufi moja haimalizi bando. "Laptopu yangu amezima" nayo ina kiambishi cha mtu na mnyama. Mashine huzima kwa "i-", yaani imezima. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani kuna rafiki yake anaitwa Laptopu ambaye amekata roho. "Kwasababu" huandikwa kwa maneno mawili, na "mda" unadai "u" yake. Haya ni madogo, niliyarekebisha nikiwa napiga miayo.

Miayo ilikatika nilipofika kwenye "nimekuambatanisha na cheti cha hospitali". Hiyo "-ku-" inanihusu mimi. Kwa maana ya sentensi hiyo, nimebandikwa kwenye cheti na tumetumwa pamoja. Kinachotakiwa ni kauli ya kutendea: nimekuambatanishia cheti, yaani nimekiambatisha kwa ajili yako. Ni irabu moja tu, lakini ndiyo inayoniondoa mimi kwenye bahasha na kukiacha cheti. Nikatafuta hicho cheti. Hakikuwepo. Niliyeambatanishwa, kumbe, nilikuwa mimi peke yangu.

Sasa tuje kwenye ombi lenyewe. Makosa ya tahajia hayajawahi kumnyima mtu muda; ombi baya humnyima.

"Niongezee" ni amri. Kitenzi kinapobeba mtendwa ndani yake, amri yake huishia na "-e": nipe, nishike, niongezee. Hivyo ndivyo unavyomwambia mama ntilie, "Niongezee maharage," naye anakuongezea kwa sababu utalipa. Mhadhiri humlipi, angalau si kwa sahani. Kwake unatanguliza "naomba" na kuweka nafsi yake mbele ya kitenzi: naomba uniongezee. Kitenzi kile kile, "-e" ile ile mwishoni, lakini mamlaka ya kukataa umemrudishia mwenyewe. "Nijibu haraka" ina ugonjwa huo huo, na dawa yake si kuandika "naomba unijibu haraka". Dawa ni kuandika mapema, jana yake au juzi yake, ili haraka isiwe yangu.

"Asante kwa kunikubalia" ndiyo iliyotaka kunipandisha presha. Sijakubali! Kuna "natanguliza shukrani", ambayo ni adabu ya kawaida ya barua; hiyo inashukuru kwa kusomwa na kufikiriwa, jibu liwe lolote. Lakini kunishukuru kwa uamuzi ambao sijaufanya ni kunifungia mlango kwa nje.

Na hiyo "kesho saa 12" ni saa ngapi? Kwa Kiswahili ni alfajiri au ni magharibi. Kwa saa ya mfumo, 12:00 ni mchana, saa sita yetu. Kuna wanafunzi wanaosema saa 12 wakimaanisha usiku wa manane, kwa kuwa simu zao ndivyo zinavyosoma. Nafasi nne hizo, na kati ya ya kwanza na ya mwisho mtu anaweza kuandika tasnifu. Tena "kesho" ya nani? Ameandika Jumanne ikiwa imebaki dakika nane. Ningeisoma Jumatano asubuhi kama watu wenye akili timamu, kesho ingekuwa Alhamisi, na angejipatia siku nzima ya bure kwa kuniandikia usiku. Sikuweza kujua kama ni uzembe au ni ujanja wa hali ya juu.

Watoto hawa hawajui kwamba mhadhiri anayeongeza muda haongezi kutoka mfukoni kwa Mungu. Alama za kosiweki lazima ziwe mezani kwa mkuu wa idara kabla ya mitihani ya mwisho, na kabla ya hapo kuna siku nilizojitengea za kusahihisha. Hizo ndizo ninazogawa. Mtu akitaja siku na saa, naangalia kalenda, naona kama naweza kusahihisha rundo la wengine kwanza na yake ikanikuta mwishoni. Akisema "mda" bila kipimo, hakuna cha kuangalia. Akinionyesha na alipofikia ndiyo vizuri zaidi, kwa sababu aliyeandika nusu anahitaji siku mbili, na ambaye hajaanza hata siku kumi atazimaliza akiwa hajaanza.

Kwa hiyo, badala ya kulala, nilimwandikia upya barua yake:

"Mada: Ombi la kuongezewa muda, kazi ya pili ya Fonolojia. Shikamoo Daktari. Mimi ni (jina na namba ya usajili), mwanafunzi wako wa mwaka wa pili. Naomba uniongezee muda wa kuwasilisha kazi ya pili, kutoka leo Jumanne hadi Alhamisi saa 12 jioni. Nimekuwa nikiumwa tangu Ijumaa, na jana laptopu yangu ilizima. Nimeshaandika kwa mkono kurasa 4 kati ya 6. Nimekuambatanishia picha zake pamoja na cheti cha hospitali. Ikiwa haitawezekana, nitawasilisha hizo nilizonazo. Natanguliza shukrani."

Somo, mwaka, siku na kurasa nilibuni mwenyewe, kama mfano. Nikamwambia ajaze yaliyo yake, anirudishie, na muda ameupata. Mke wangu aliuliza kutoka chumbani naandika nini usiku wote huo. Nikamwambia naomba ruhusa kwangu mwenyewe. Akazima taa.

Asubuhi majibu yalikuwa yameshafika. Safi, hakuna kosa hata moja: "Shikamoo Daktari. Mimi ni (jina na namba ya usajili), mwanafunzi wako wa mwaka wa pili."

Mwenzangu wa ofisi ya jirani alicheka mpaka akakaa. "Mzee, wewe umemfundisha mtu kuomba," akasema, "mimi nimewafundisha kuwahi." Nikamwambia elimu ni pana. Mwakilishi wa darasa alipita baadaye akanishukuru kwa niaba ya wenzake, sikuelewa kwa lipi.

Nilielewa kazi ya tatu ilipofika ukingoni. Siku ile barua zilianza kuingia tangu mchana, zote na mada, zote na shikamoo. Hapakuwa na "swala" wala "mda". Kila mmoja alikuwa ameniambatanishia, hakuna aliyeniambatanisha. Kila mmoja aliomba hadi Alhamisi saa 12 jioni, kila mmoja alikuwa akiumwa tangu Ijumaa, na kila laptopu ilizima jana, nadhani kwa umoja wao. Na wote, bila kubakiza hata mmoja, walikuwa wameshaandika kwa mkono kurasa 4 kati ya 6.

Kazi ya tatu ilikuwa ya kurasa 3.