Slipu Haina Kiapo

Kuna baba mmoja hufika ofisi ya mhasibu wa shule na slipu ya benki mkononi, sauti ikiwa imemtangulia mlangoni. "Muhula wa pili nimeshamaliza! Elfu kumi na tano, hii hapa!"

Hongera, baba. Slipu inasema kweli: pesa ziliingia akauntini. Ni za muhula gani, hiyo si kazi ya benki. Hayo maneno "muhula wa pili" umeyaandika mwenyewe kwa kalamu.

Sasa tusome risiti ya shule, ile uliyoikunja bila kuitazama. Karo ni 15,000 kila muhula. Muhula wa kwanza ulilipa 11,000, ukaahidi kurudi. Mhasibu alipopokea 15,000 zako, alikata kwanza 4,000 za deni la nyuma, zikabaki 11,000 kwa muhula wa pili. Chini kabisa pameandikwa: salio 4,000. Muhula uliomaliza ni wa kwanza. Deni ni lilelile, limehama muhula tu.

Na ukiona risiti haina hizo 15,000 kabisa, usianze kumtafuta mwizi. Tazama sehemu ya maelezo kwenye slipu: penye namba ya usajili ya mtoto umejaza jina lako kamili, na cheo juu yake. Shule haina mwanafunzi anayeitwa Mheshimiwa.

Mstari wa salio ndio mfupi kuliko yote kwenye risiti. Ajabu, ndio unaowashinda wasomaji.