Malalamiko Dhidi ya Mgombea wa Gredi ya Nane

Kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC),

Mimi ni mzazi huku karibu na Runyenjes, Embu. Nawaandikia kabla ya Agosti 2027 ili mkomeshe hatari niliyoishuhudia gwarideni, siku ya kampeni za kiranja mkuu.

Mgombea wa kwanza alikuwa mtu wa heshima zake. Aliahidi bwawa la kuogelea, chipsi kila Ijumaa na mitihani kufutwa, kisha wapambe wake wakagawa peremende. Tulimwelewa vizuri sana. Hata Meru tunawajua wa aina hiyo: mgombea udiwani anaahidi kujenga shule ya sekondari, ilhali Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Nani anauliza?

Halafu akasimama huyu wa gredi ya nane. Akawasalimu walimu, wapishi na bawabu, akamshukuru kiranja anayeondoka, na mpinzani wake hakumtupia neno. Nikajua hapa pana jambo.

Akasema amechunguza foleni ya githeri. Wakubwa hutangulia, na upawa wao hutafuta maharagwe. Gredi ya nne wakifika kwenye sufuria wanakuta mahindi matupu, tena kengele iko karibu kulia. Akaahidi foleni mbili, na wadogo kutangulia Jumatatu na Jumatano. Gharama? Upawa wa pili, na tayari uko jikoni. Alikuwa ameshamwuliza mpishi! Mpishi alikubali kwa sharti kwamba viranja wasimamie foleni, maana hawezi kupakua huku akiamua ugomvi. Mgombea akaongeza kwamba watajaribu wiki mbili. Wadogo wakiendelea kurudi darasani na sahani mkononi, mpango utakuwa umeshindwa na atatangaza hivyo gwarideni.

Waheshimiwa, mgombea gani hutaja mapema jinsi ya kumkamata?

Kijana mmoja akauliza kuhusu pesa za masomo ya ziada. Akajibu: "Hilo si langu, ni la mwalimu mkuu na wazazi. Nitampelekea naibu wake swali lenu Ijumaa, na Jumatatu nitawaletea jibu, hata likiwa hapana." Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, "Kwani hata mgombea anaweza kusema hapana?" Mwalimu wa zamu, bila haya, akapiga makofi.

Naomba mmwamuru aahidi walau uwanja mmoja wa ndege, au jina lake litolewe kwenye karatasi ya kura. Fanyeni haraka, kwa sababu kura ni Ijumaa na wa gredi ya nne ni wengi.

Nakala ya barua hii nimewapelekea wanaonuia ubunge kutoka Manyatta hadi Igembe Kaskazini, wajihadhari na wapishi.

Wenu katika demokrasia,
Mzazi mwenye wasiwasi