Jinsi ya Kuzima Kibanda Umiza Wakati wa Mapumziko

Ukitaka kibanda kizima kisimame kwa mpigo na kudai hela za kiingilio, nunua betri, gawanya namba yake kwa wati za vifaa vyako, kisha uamini jibu. Hesabu hiyo unafundishwa bure kaunta wakati wa kununua. Hebu tuifuate tuone inakotufikisha, halafu tufanye ile ya kweli, maana mwenye kibanda amewekeza mtaji wake humo na anastahili kujua saa ambayo skrini itazimika.

Chukua betri ya jeli ya kawaida, iliyoandikwa ubavuni 12V 100Ah. Zidisha 12 kwa 100, unapata wati-saa 1200, ambazo ndizo umeme wote uliomo betri ikiwa mpya na imejaa. Sasa hesabu vifaa. Televisheni ya inchi 43 inakula wati 70, king'amuzi 12, amplifaya na spika zake 30, taa mbili 18. Ongeza feni ya kusimama ya wati 50, kwa sababu watu waliobanana chini ya bati hawawezi kuikosa. Jumla ni wati 180. Gawanya 1200 kwa 180: saa 6 na dakika 40. Mechi mbili za kufuatana, pamoja na mapumziko yake, huchukua kama saa 4. Kwa hesabu hiyo umeme utabaki hata wa kuangalia uchambuzi. Unalipa, unabeba betri, unaandika kwenye ubao kwamba leo ni mechi mbili.

Ukitaka betri hiyo idumu, umeme huo utakufikisha mapumziko ya mechi ya pili tu. Ukiulazimisha uendelee, deni atalipa betri.

Kinachosahaulika kwanza ni kwamba betri ya risasi na asidi, na ya jeli ni ya ukoo huohuo, haipaswi kukamuliwa hadi tone la mwisho. Inapotoa umeme, bamba zake hufunikwa na salfeti ya risasi. Ukiichaji mapema, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi ilikotoka. Ukiishusha sana, au ukiiacha siku kadhaa bila kujaa, inageuka fuwele ngumu zisizokubali kurudi, na sehemu hiyo ya bamba imekufa. Ndiyo maana mafundi makini hutumia nusu tu, yaani 0.5, na kuiacha nusu nyingine ilinde uhai wa betri. Betri ya gari ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiiwekea televisheni kila usiku utaizika mapema.

Cha pili ni inveta. Kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230 kuna gharama, na gharama hiyo huishia kwenye joto unalolihisi ukiweka mkono juu ya kasha lake. Kwa inveta ndogo za kawaida, kadiria kwamba asilimia 85 tu ndiyo inafika kwenye vifaa. Kwa hiyo hesabu nzima ni hii:

```
saa = volti × Ah × sehemu inayotumika × ufanisi wa inveta ÷ wati
saa = 12 × 100 × 0.5 × 0.85 ÷ 180 = 2.83
```

Angalia mstari wa mwisho kwa makini. 2.83 si saa 2 na dakika 83. Zidisha 0.83 kwa 60, unapata dakika 50. Kwa hiyo ni saa 2 na dakika 50. Mechi ya kwanza imekula saa 2, ya pili imekwenda dakika 50, na hapo wachezaji wako vyumbani.

Hata hizo dakika 50 ni za juu kabisa. Ile 100Ah kwa kawaida hupimwa betri ikitoa ampea 5 polepole kwa saa 20. Kibanda chetu, ukihesabu na hasara ya inveta, kinavuta karibu ampea 18. Betri ya risasi ikivutwa kwa kasi hiyo hutoa umeme pungufu ya ulioandikwa. Na ukikuta betri imeandikwa kwamba ilipimwa kwa saa 100, jihadhari zaidi, kwani hapo ilivutwa taratibu mno na namba ikatoka kubwa.

Wengi hujitetea kwamba inveta italia kabla mambo hayajaharibika. Hapa ndipo betri nyingi zinapouawa, na inasikitisha kwa sababu mwenyewe anaamini analindwa. Inveta nyingi ndogo hukata umeme betri ikishuka hadi volti 10.5 hivi, na mlio huanza juu kidogo ya hapo. Kufika hapo ile nusu ya kulinda uhai wa betri imeshaliwa zamani. Kwa hiyo kibanda kinaweza kweli kumaliza mechi zote mbili wiki ya kwanza, mwenyewe akafurahi, kisha baada ya miezi michache betri haifiki hata nusu ya mechi moja, na lawama zote zinamwangukia aliyeuza.

Kipimo unacho mwenyewe. Nunua mita ya volti ya bei ndogo. Alfajiri, kabla jua halijaanza kuchaji na kila kitu kikiwa kimezimwa tangu usiku, pima kwenye vichwa vya betri. Iliyojaa na kutulia husoma kama 12.7. Ukisoma 12.2, umetumia karibu nusu, na hapo uko salama. Ukisoma chini ya 12.0, jana ulipita mpaka. Usipime televisheni ikiwaka, kwa sababu volti hushuka betri inapovutwa na utapata jibu la uongo.

Sasa tuokoe mechi ya pili. Kuondoa feni kunashusha mzigo hadi wati 130, na 510 kwa 130 ni saa 3 na dakika 55. Bado unakosa zile dakika za nyongeza, ambamo mabao huingia. Suluhisho ni kuongeza betri ya pili inayofanana na ya kwanza kwa aina, ukubwa na umri, zifungwe sambamba. Na feni ikiwemo unapata saa 5 na dakika 40, na kila betri inavutwa nusu ya kasi. Au nunua moja ya lithiamu ya 12.8V 100Ah, unayoweza kutumia hadi asilimia 90 yake: saa 5 na dakika 26. Bei yake inauma, ila haina tabia ya kuganda salfeti.

Halafu tazama paa. Mechi mbili hizo zinatoa kwenye betri kama wati-saa 850, na kuzirudisha kwenye betri za risasi unahitaji karibu 1000. Paneli ya wati 100 siku ya jua zuri inaleta kama 400. Anayeonyesha mpira kila siku anahitaji paneli za wati 300 hivi, na wakati wa masika hata hizo zitapwaya. Ukiwa na paneli moja, onyesha mechi moja bila feni, na uandike hivyo kwenye ubao kabla hujapokea kiingilio.