Daftari la Adeer

Kwetu Bulla Iftin, mjini Garissa, pesa za kaka yangu aliye Minneapolis hazikununua chakula. Zililipa chakula kilichokwisha kuliwa. Dola 150 zilifika kila mwanzo wa mwezi kwa hawala. Simu ya Hooyo ililia, naye akabeba kitambulisho na kwenda kupokea kama shilingi 19,000. Akitoka hapo alipitia dukani kabla ya kurudi nyumbani. Adeer, mwenye duka, alifungua daftari na kusoma mchele, unga wa ngano, sukari, mafuta na majani ya chai tuliyochukua mwezi mzima kwa kuandikiwa. Deni lilizunguka 14,000. Zilizobaki zilikuwa za mwalimu wa madrasa na mwenye mkokoteni wa punda aliyetuletea maji.

Basi mwezi mmoja tarehe tano ilifika simu haijalia. Hooyo akasema ni mtandao. Tarehe kumi akasema labda kaka anaumwa. Lakini ujumbe wetu wa WhatsApp ulikuwa unasomwa, alama mbili za buluu zinaonekana, na jibu hakuna. Kimya kile kilijaa maneno ya watu. Shangazi mmoja alisikia kwamba kaka ameoa mke wa pili. Mjomba akakumbuka ugomvi wa zamani wa kiwanja, akaapa kwamba ndiyo sababu. Hooyo alianza kujiuliza ni neno gani alilomwambia mwanawe likamchoma.

Adeer hakutunyima kitu. Alianza tu kutupimia sukari nusu kilo pale tulipozoea kuchukua kilo mbili, na watoto walipotumwa jioni aliwaambia wamlete mtu mzima. Mwezi wa pili ulipoingia Hooyo alipeleka mbuzi wawili sokoni, wakati ambao hakuna mfugaji angependa kuuza, kwa kuwa ukame ulikuwa umewakondesha. Bei aliyopewa haikufunga hata nusu ya deni.

Nilikwenda kwa Adeer kumwomba atuvumilie. Akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa, na marufuku hiyo iliondolewa Juni. Mji mzima ulikaa bila hawala. "Niliwaandikia watu wote miezi ile," alisema, "kwa sababu kila mtu alijua pesa zimezuiwa wapi na nani. Ninyi hamjui. Mimi nitamwandikia nani?"

Kaka alipopiga simu hatimaye, alilia. Ghala analofanyia kazi lilimpunguzia saa, mkewe amejifungua mapacha, na kodi imepanda. Alikuwa akingoja apate nusu ya pesa ndipo azungumze, ili aibu ipungue. Nusu yenyewe haikupatikana.

Hooyo hakumlaumu. Alimwuliza swali moja: "Mwanangu, deni la dukani utalifunga lini?" Hapo kaka akaelewa kwamba aliyemwacha njiani si mama yake peke yake. Alituma dola 60, mwezi uliofuata 60 nyingine, zote za daftari, na Hooyo akazipeleka dukani bila kugusa shilingi. Za mbuzi zilikuwa zimekwishaingia, kwa hiyo ukurasa ukafungwa. Kisha kaka akamwambia Hooyo waziwazi kwamba bili ya kila mwezi imekwisha, na kwamba asiingoje. Hakutaja tarehe ya kuirudisha, nami nashukuru kwa hilo, maana tarehe ingetufanya tukope tena juu yake. Aliomba abaki na ada ya madrasa tu, shilingi 2,000, akiituma moja kwa moja kwa mwalimu kupitia ndugu wa Nairobi mwenye M-Pesa.

Hooyo mwenyewe alikwenda kwa Adeer wakapiga mstari chini ya hesabu ya zamani. Tukakubaliana kiwango kipya cha 5,000, kile ambacho mshahara wangu wa kibarua unaweza kulipa. Sukari ikapanda hadi kilo moja. Watoto wakaanza kutumwa tena wenyewe.

Kaka alikuwa pia akiwatumia binamu zetu wa Wajir dola 50. Hao hakuwafanyia kama sisi. Alimpigia kwanza mkubwa wao, mzee anayepokea pesa, katikati ya mwezi, kabla ya yeyote mwingine kusikia, na si kwa ujumbe wa kundi la familia. Akamwambia: "Mzee, mwanzo wa mwezi ujao utapata za mwisho, zifunge daftari. Kuanzia leo msichukue dukani zaidi ya hizo." Mzee akamwuliza habari za mapacha na kazi, akawaombea dua, akaenda dukani kwao siku hiyohiyo. Dola 50 zilipofika zilitosha deni lote, na zikabaki shilingi mia kadhaa ambazo mzee aliwanunulia wajukuu maziwa.