Kila Kanuni na Mwenyewe

Kanuni zetu za kufanyia kazi nje ya ofisi zimeenea kwenye ukurasa mmoja, na chini imebaki nafasi ya muhuri. Niliziandika mimi, kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta", cheo ambacho katika kampuni ndogo ya Dar es Salaam hujumuisha printa, kamera ya getini na, umeme ukikatika, jenereta. Kabla yake tulikuwa na kitabu kilicholetwa na mshauri, kinene hasa, na wafanyakazi wote walikisaini. Hakuna aliyekifungua. Ukurasa wangu una kanuni nne. Majina ya watu hayamo, lakini hata dereva anajua ipi ni ya nani.

Ya kwanza ni ya mhasibu: kazi ya ofisi isifanywe kwenye akaunti ya kompyuta inayotumiwa na mtu mwingine nyumbani.

Mhasibu wetu ana watoto watatu na laptopu moja. Mchana laptopu ni ya ofisi, jioni ni ya masomo, na usiku, mama akishasinzia, inamilikiwa na yule wa kati. Dalili ya kwanza tuliipata pale mteja wetu mkubwa alipotumiwa, kupitia WhatsApp Web iliyoachwa wazi, picha ya paka anayecheza ngoma. Ilitoka kwa jina la mhasibu, saa tano usiku, chini kabisa ya ankara. Mteja alijibu asubuhi: "Tumepokea, tunaifanyia kazi."

Paka hakudhuru mtu. Kilichodhuru ni gemu. Mtoto alilipata bure ilhali huuzwa kwa fedha, na maelezo yake yalimtaka kwanza azime ulinzi wa kompyuta, "ili lisizuiwe". Akazima. Programu za namna hiyo hazifuti kitu wala hazichori fuvu kwenye skrini. Hukusanya nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi vyake, zikavituma zinakojua, na gemu likaendelea kuchezwa vizuri tu. Vidakuzi ndiyo sehemu mbaya zaidi, kwa sababu ndivyo vinavyoiambia tovuti kwamba mtu huyu ameshaingia, asiulizwe tena. Mwenye kuviiba anaweza kupita bila nywila na bila ule msimbo unaotumwa kwenye simu. Sisi tulijua pale taarifa ilipokuja kwamba mhasibu ameingia kwenye barua pepe kutoka mji wa mbali asioujua, wakati mwenyewe alikuwa Tabata akichambua mchele.

Alitaka kubadilisha nywila palepale, kwenye laptopu ileile. Nilimpigia kelele kidogo, kwa adabu: "Mama, usiandike chochote hapo!" Nywila mpya ikiandikwa kwenye mashine yenye mwizi ndani, mwizi anaipata ikiwa bado ya moto. Tukatumia kompyuta nyingine kufunga vikao vyote vilivyokuwa wazi, ndipo tukabadilisha nywila, na laptopu ikafutwa na kuwekwa mfumo upya. Mtoto alilia kwa ajili ya gemu. Hakuna aliyemsikiliza.

Sasa laptopu ile ina akaunti mbili. Kwenye Windows unaingia `Settings`, kisha `Accounts`, kisha `Other users`, unamwongeza mtoto na kumwacha awe `Standard User`. Akipakua takataka, inabaki upande wake na haisomi nywila za upande wa mama. Mpango huu unashika kwa sharti moja, kwamba mtoto asijue nywila ya `Administrator`. Ndiyo maana mhasibu sasa anaiandika akiwa amegeukia ukuta.

Kanuni ya pili inahusu nywila, na mwenyewe ni kijana wa stoo. Mfumo wetu wa zamani ulidai herufi kubwa, tarakimu na alama, na kila mwezi ulitaka mpya. Kijana wa stoo ni Yanga damu, na klabu yake ilianzishwa mwaka 1935. Kwa hiyo alikuwa na `Yanga1935!`, nywila iliyofaulu mitihani yote ya mfumo kwa alama za juu, na ambayo dada wa chai aliitaja bila kufikiri tulipomuuliza kwa utani. Mwezi uliofuata ikawa `Yanga1935!!`. Ukitaka kujua amekaa miezi mingapi kazini, ulihesabu alama za mshangao.

Hakuwa mvivu. Alikuwa akitii. Ule ushauri wa kuchanganya alama na kubadilisha kila mara ulienea duniani kutokana na mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2003. Mwandishi wake, Bill Burr, aliliambia gazeti la Wall Street Journal mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwaka huohuo NIST yenyewe iliacha kuyapendekeza: nywila iwe ndefu, na ibadilishwe pale panapokuwa na dalili kuwa imevuja, si kwa sababu mwezi umeandama. Habari hizo zilichelewa kufika stoo.

Siku hizi tunatumia maneno manne yasiyojuana, yaliyochaguliwa kwa dadu. Orodha ya kawaida ya mchezo huu ina maneno 7,776, kwa kuwa dadu tano huweza kuanguka kwa namna 7,776. Unarusha dadu, unasoma namba, unachukua neno, unarudia mpaka yatimie manne. Michanganyiko inayowezekana inapita trilioni 3,600, na mtu bado anaweza kukariri `kinu-bawabu-embe-ripoti` akiwa kwenye daladala. (Hiyo msiitumie, imeshachapishwa hapa.) Dadu ni za lazima. Mtu akiachiwa achague maneno mwenyewe, anachagua jina la mkewe, timu yake, na "nakupenda". Mzee wa mapokezi alileta methali nzima akidai ni ndefu kuliko zetu sote. Ni ndefu kweli, ila methali inajulikana na taifa zima, na wanaobahatisha nywila huanza na yanayojulikana.

Maneno hayo manne ni ya kufungulia programu moja ya kutunzia nywila. Nyingine zote hutengenezwa na programu hiyo, ndefu na mbaya, na hakuna anayetakiwa kuzijua. Kijana wa stoo aliuliza kama mojawapo inaweza kuwa na neno Yanga ndani. Nilimwambia hata mimi sijui kilichomo, akaridhika kwamba huenda limo.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyotuletea ugomvi, na ni ya ofisa masoko: usitumie waifai ya hadharani, tumia hotspoti ya simu yako.

Ofisa masoko wetu ana mkahawa wake, meza yake na kona yake. Waifai ya mkahawa ule ina jina na nywila vilivyobandikwa ukutani juu ya chupa za tomato. Siku hiyo aliona majina mawili yanayofanana. Moja lilikuwa na alama ya kufuli, jingine halina, na lile lisilo na kufuli ndilo lilikuwa na nguvu zaidi. Akachagua lenye nguvu, kama anavyochagua kila kitu. Ukafunguka ukurasa mzuri wenye picha ya kikombe cha kahawa, ukimkaribisha aingie kwa barua pepe na nywila yake. Akajaza ya ofisini. Ukurasa ukasema nywila si sahihi.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia walioutengeneza. Nywila ilikuwa sahihi kabisa. Ukurasa ule haukuwa na namna ya kujua wala haja ya kujua. Ulitaka ajaribu nyingine, naye ni mtu asiyekata tamaa. Akajaribu ya Facebook. Akajaribu ya benki. Akajaribu ile ya zamani ya chuo. Alipomaliza akiba yote, intaneti ikafunguka, na akamsifu mhudumu kwa kasi yake.

Baada ya siku chache mteja wa Tanga alimpigia simu kumpongeza kwa kampuni kuhamia benki mpya. Tulikuwa hatujahamia popote. Kwenye barua pepe ya ofisa masoko tulikuta sheria ndogo ambayo hakuiweka yeye: kila barua yenye neno "ankara" ipelekwe kwa anwani ya nje, kisha ifichwe kwenye folda asiyoifungua. Kubadilisha nywila tu kusingetosha, kwa sababu sheria ile ingeendelea kupeleka barua zetu nje. Tuliifuta, tukafunga vikao vyote, tukawasha uthibitisho wa hatua mbili, tukaiamuru simu yake isahau jina la mtandao ule ili isijiunge yenyewe kila apitapo jirani. Mteja alikuwa hajalipa. Alikuwa anasubiri sahihi ya bosi wake, na kwa mara ya kwanza niliushukuru urasimu.

Niwe mkweli kuhusu waifai. Hofu kwamba jirani wa meza ya pili anasoma kila unachoandika imepungua nguvu. Mwaka 2010 kilitoka kiongezo cha kivinjari kiitwacho Firesheep, kilichomwezesha mtu yeyote kwenye waifai isiyofungwa kuingia kwenye akaunti za wenzake kwa kubonyeza, na aibu ile ilichangia kuzisukuma tovuti kubwa kutumia HTTPS kila mahali. Leo mengi unayotuma yamefichwa njiani. Lakini HTTPS haikuzuii kumkabidhi mgeni funguo kwa mkono wako. Waifai haihitaji nywila ya barua pepe yako kwa lolote. Ukurasa ukiiomba, funga kompyuta unywe kahawa. Na kivinjari kikikuonya kuwa muunganisho si salama, usitafute kitufe cha kuendelea.

Ugomvi ulikuwa wa bando. Nilipoisoma kanuni kwenye kikao, kimya kilishuka, kisha dada wa mapokezi akauliza kwa sauti ya chini: "Kaka, hiyo hotspoti analipa nani?" Wote wakamtazama bosi. Bosi akatazama dari. Mkahawani intaneti ni bure ukinunua chai, na hakuna mshahara wa karani unaobeba mikutano ya video kwa wiki nzima. Nikasema wazi kwamba kama hakuna hela ya bando, kanuni hii niifute, maana itavunjwa kabla wino haujakauka. Bosi akatoa bando. Alitoa kwa uchungu, lakini alitoa, na tangu hapo ofisa masoko anakwenda mkahawani kwa chai tu.

Kanuni ya nne ni fupi kuliko zote: ukihisi umebonyeza kibaya, piga simu saa hiyohiyo, hata usiku, na hutagombezwa. Kifungu cha mwisho nilikipigania. Anayeogopa kugombezwa husubiri Jumatatu, na mwizi hapumziki wikiendi.

Wa kwanza kuitumia alikuwa bosi. Saa nane usiku, sauti ya kunong'ona, nadhani asimwamshe mama.

"Kijana, hujalala?"

"Shikamoo mzee. Nilikuwa nimelala."

"Marahaba. Hivi, mtu akipata ujumbe kwamba mzigo wake umekwama posta, akabonyeza, kuna ubaya?"

"Alijaza chochote?"

"Namba ya kadi tu."

"Tu?"

Kimya. "Na zile tarakimu tatu za nyuma."

Nikamwambia apige benki sasa hivi waifunge kadi, namba ya simu imeandikwa nyuma ya kadi hiyohiyo, juu kidogo ya tarakimu alizozitoa. Akaniambia nisikate simu, anatafuta miwani.