Tangazo la Fundi Bati Kabla ya Masika

Fundi, gari la spika lipite mtaani mwanzoni mwa Februari. Dar es Salaam masika huwa Machi hadi Mei, na gundi ya kuziba hushika kwenye bati kavu. Ukingoja mvua ya kwanza, simu zitakuwa nyingi, lakini kiraka utakachobandika juu ya bati lililolowa kitabanduka, na mteja atakudai haki yake.

Anza na kitu kinachofahamika kila nyumba: “Mama mwenye nyumba, ile ndoo ya chini ya dari inaomba likizo! Sufuria nayo inataka kurudi jikoni ikapike wali! Fundi yupo, jua lipo, tupande juu.”

Watu wakishacheka, waambie jambo ambalo wengi hawalijui: doa la dari halionyeshi tundu lilipo. Maji yakiingia hutambaa chini ya bati, yakafuata papi, yakadondoka mbali na yalipoingilia. Chukua chumba chenye doa juu ya kitanda. Fundi mwenye haraka hupaka lami juu ya doa hilo, akalipwa, akaondoka. Wewe mwache kijana darini na tochi, kisha umwage maji kwa mpira ukianzia chini ya paa, ukipanda pole pole kuelekea kofia. Kijana akipiga kelele, simama hapo hapo. Mara nyingi utakuta msumari uliopigwa kwenye bonde la bati, yanamopita maji yote, badala ya mgongoni. Au mpira wa msumari umekauka kwa jua na kupasuka. Ng’oa msumari huo. Piga mwingine mgongoni, penye mbao nzima, ukiwa na mpira mpya, kisha safisha tundu la zamani, likaushe, ulizibe.

Ukianza na maji kwenye kofia, yatateremka juu ya matundu yote kwa pamoja, na hutajua lipi linavuja. Jambo hili liingie kwenye tangazo, kwa sababu ndilo linalokutofautisha na fundi wa kupaka lami: “Hatuzibi kwa kubahatisha! Tunamwaga maji, unaona mwenyewe yanapoingilia, ndipo tunataja bei.”

Usitangaze bei moja kwa paa zote. Wala usiahidi kuokoa kila bati. Bonyeza kwa kidole gumba pembeni mwa msumari; bati likibonyea au likimeguka, kutu imeshalila, na gundi haitakuwa na pa kushika. Hilo linabadilishwa, na jipya lilale chini ya bati la juu yake na juu ya la chini yake, yakipishana angalau sentimita 15. Paa likiwa na mwinamo mdogo, zidisha.

Mistari ya mwisho ya spika iwe hii: “Bati likiwa limeoza tutakwambia kabla hujatoa hela. Wewe andaa ufunguo wa dari, sisi tutakuja na ngazi.”