Oda Namba 5001 na Wenyewe Wawili

`Duplicate entry '5001' for key 'oda.PRIMARY'`. Hiyo ndiyo salamu ya asubuhi kwa duka la mtandaoni lenye seva mbili za MySQL ambazo zote zinapokea oda na kunakiliana. Usiku mawasiliano kati yao yalikatika, kila moja ikaendelea kuhesabu kivyake, ikampa mteja wake namba 5001 na kumshukuru kwa unyenyekevu mkubwa. Mawasiliano yaliporudi, unakili ukasimama kwa kosa 1062. Mmoja kanunua viatu, mwingine pasi, na wote wana risiti halali.

Kikao cha dharura huzaa amri ya jazba: kuanzia leo kila jedwali ni UUID! Polepole. Kilicholeta aibu si wingi wa seva, ni wingi wa watoaji namba. Seva kumi za programu zikiandika kwenye hifadhidata moja, mtoaji ni mmoja, na hatampa mtu namba ya mwenzake hata wakigonga mlango kwa sekunde ile ile. Hapo bigint inatosha: ina baiti 8, na ukipokea oda milioni moja kila sekunde, namba zitakwisha baada ya miaka kama 292,000. Anayeiacha na kuweka UUID, tena kwa maandishi ya herufi 36 badala ya baiti 16, anajitoza faini bila kosa. Na faini yenyewe hujirudia, maana injini ya InnoDB huweka nakala ya ufunguo mkuu ndani ya kila faharasa nyingine ya jedwali hilo.

Watoaji wakiwa wawili kweli, wapo wanaosema seva moja itoe namba witiri na nyingine shufwa, kwa `auto_increment_increment = 2` kwenye zote, na `auto_increment_offset` ya 1 kwa moja na 2 kwa nyingine. Sawa, mpaka ije seva ya tatu na hesabu ipangwe upya kote. Hapo UUID inastahili, ila si toleo la 4. Biti zake 122 za nasibu huzuia mgongano vizuri sana, lakini InnoDB hupanga safu kwa mfuatano wa ufunguo, kwa hiyo kila oda mpya hujipenyeza popote katikati, kurasa zilizojaa hupasuliwa, na jedwali likizidi kumbukumbu, diski haipumziki. Toleo la 7, lililowekwa rasmi na RFC 9562 mwaka 2024, hutanguliza biti 48 za saa kwa milisekunde, ndipo nasibu ifuate. Seva yoyote huitengeneza bila kumuuliza mtu, na oda mpya hupanga foleni mwishoni. Ihifadhi kwenye `BINARY(16)`.

Kuna pingamizi la haki: namba za mfululizo humwonyesha mshindani umeuza oda ngapi wiki hii. Basi baki na bigint ndani, na umwonyeshe mteja UUID ya toleo la 4 iliyo kwenye safu wima ya pembeni. Ukimpa ya toleo la 7, umeficha idadi, lakini umemwandikia hadi milisekunde oda ilipoingia.